Kipimo cha choo kimeonyesha damu na baba alikuwa na kansa ya utumbo: nirudie kipimo au niende kamera?

"Wakuu, nina miaka 42, niko Mwanza. Baba aligundulika na kansa ya utumbo mpana akiwa na miaka 51, akafariki mwaka uliofuata. Juzi nimepima choo kwa kujikagua tu, sina dalili yoyote, karatasi imeandikwa FOB: Positive. Daktari kaona bawasiri kidogo, kanipa dawa ya minyoo, kasema nirudi baada ya miezi mitatu nirudie kipimo. Nisubiri?"

Mkuu, usisubiri, na hela ya kurudia choo iweke kwenye nauli. Hatua inayofuata kwako ni kamera ya utumbo mpana, yaani kolonoskopi. Mimi si daktari, ila njia hiyo nimeipita. Mengi hapa nilielezwa na daktari bingwa wa mfumo wa chakula aliyenihudumia, mengine nimeyafuatilia mwenyewe kwa sababu mama yangu naye alipata ugonjwa huo.

Tuanze na hiyo karatasi. Maabara zetu nyingi siku hizi zinatumia kile kibao cha plastiki chenye mistari miwili, kama cha mimba. Kinatafuta hemoglobini ya binadamu kwenye choo, kwa hiyo nyama choma uliyokula Jumamosi haihusiki. Kuna kipimo cha zamani cha kadi inayogeuka bluu, hicho ndicho kinachodanganywa na nyama nyekundu, na vitamini C nyingi inaweza kukifanya kifiche damu iliyopo. Ukiweza uliza wametumia kipi, lakini jibu lolote watakalokupa halibadilishi safari yako.

Kitu ambacho kipimo hakisemi ni damu imetoka wapi. Daktari wako hajatunga: safura wananyonya damu, na nyie wa kandokando ya ziwa mna kichocho cha tumbo, ambacho mayai yake hukwaruza ukuta wa utumbo mpaka ukavuja. Bawasiri nayo inatoa damu. Kutibu hivyo vyote ni sawa kabisa. Kama hadubini imeonyesha mayai ya kichocho, meza praziquantel. Shida iko kwenye hatua ya pili, kwamba ukirudia na kikasoma hasi basi kesi imefungwa. Haijafungwa. Mtu anaweza kuwa na bawasiri, minyoo na uvimbe kwa wakati mmoja, na bawasiri ni ya kawaida mno kiasi kwamba kuikuta hakuthibitishi chochote kuhusu kilichopo sentimita thelathini juu yake.

Halafu uvimbe wenyewe hauvuji kila siku. Kansa nyingi za utumbo mpana huanza kama kinyama kidogo, polipu, ambacho huchukua miaka, mara nyingi kama 10 hivi, kabla ya kugeuka. Kinyama hicho kinavuja leo kinaposuguliwa na choo kigumu, kesho kimekauka. Ndiyo maana kipimo hiki kikifanywa mara moja kinakamata takribani robo tatu ya kansa, lakini polipu kubwa ambazo hazijawa kansa kinakamata kama robo moja tu. Sasa jiulize: kipimo kinachokosa polipu kubwa nyingi namna hiyo kikisema "hakuna" mara ya pili, kitafutaje kile kilichosema "ipo" mara ya kwanza? Na joto letu linaongeza tatizo. Sampuli ikikaa muda mrefu kwenye kikopo cha kawaida hemoglobini inaharibika, unapata jibu hasi la uongo. Positive iliyopenya mazingira hayo mimi naiheshimu.

Usije ukalala macho lakini. Katika watu 100 wa rika la kukaguliwa, wasio na dalili, ambao choo chao kimeonyesha damu, wanaokutwa na kansa kwa kawaida hawafiki 10. Theluthi au zaidi wanakutwa na polipu, zinatolewa palepale. Waliobaki ni bawasiri, michubuko, au hakionekani kitu. Kuhusu muda, kuna utafiti mkubwa wa California uliochapishwa 2017, wa watu zaidi ya 70,000 wenye kipimo kama chako: waliochelewa kufanya kamera kupita miezi 10 ndio waliokutwa na kansa zaidi, na iliyokwenda mbali zaidi. Kwa hiyo wiki kadhaa za kutafuta hela na nafasi hazikuui. Lakini miezi mitatu ya kusubiri kipimo, kisha foleni ya rufaa, kisha Krismasi na ada za shule, ndivyo watu wanavyoifikisha hiyo 10.

Sasa suala la mzee, na hapa ndipo kesi yako na yangu zinapotofautiana. Mama yangu aligundulika akiwa na 63. Kwa mtu ambaye mzazi au ndugu yake wa tumbo moja aligundulika akiwa na miaka 60 au zaidi, mwongozo wa Wamarekani unasema aanze kukaguliwa akiwa na 40, na anaweza kutumia kipimo cha choo cha kila mwaka kama watu wengine. Ndicho nilichokuwa nafanya. Wewe baba aligundulika akiwa chini ya 60. Kwenu hesabu ni nyingine: unaanza na 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao mgonjwa aligundulika, chochote kinachotangulia, na kipimo ni kolonoskopi yenyewe, kila baada ya miaka 5. Kwa mzee wako 51 toa 10 ni 41, na 40 inatangulia. Yaani hata kile choo kingesoma hasi, kamera ilikuwa inakudai tangu miaka miwili iliyopita. Mtu asiye na historia yoyote kwenye ukoo huko Marekani anaanza 45 (zamani ilikuwa 50, wakashusha kwa sababu vijana wanaugua zaidi), na Uingereza wanawatumia watu wa 50 hadi 74 kikopo kwa posta kila miaka miwili. Hizo si ratiba zako.

Kabla hujaenda, kaa na mama au shangazi uulize vizuri. Kwetu watu "walikufa kwa tumbo" na mjadala unaishia hapo, mwingine anaambiwa alirogwa. Unachotaka ni umri wa kugundulika, si wa kufariki, na kama kuna mwingine upande wa baba aliyeugua kansa ya utumbo au ya mji wa mimba. Wakijitokeza kadhaa, hasa chini ya miaka 50, mwambie daktari waziwazi. Kuna hali ya kurithi iitwayo Lynch ambayo ukaguzi wake huanza kwenye miaka ya 20, kila mwaka mmoja au miwili, na hapo watoto wako nao wanaingia kwenye hesabu.

Yangu ilikwendaje? Nilikuwa na 47, kipimo cha choo kikaonyesha damu, bawasiri ilionekana wazi, na nilikuwa na hakika kabisa kuwa ndiyo hiyo. Daktari akaandika rufaa ya kamera bila kujadili.

Sehemu ngumu si kamera, ni kujisafisha. Siku chache kabla unaacha vyenye mbegu na nyuzinyuzi: mapera, nyanya, mchicha, mahindi, karanga. Kama unameza vidonge vya kuongeza damu, viache wiki moja kabla, maana vinafanya choo kiwe cheusi na kung'ang'ania ukutani. Kama unatumia dawa za sukari au za kuzuia damu kuganda, usizipunguze kwa akili yako, uliza. Siku moja kabla ni vitu vya majimaji vinavyopitisha mwanga tu: chai ya rangi, dafu, supu iliyochujwa, na kisiwepo chekundu, kwa sababu kinaonekana kama damu kwenye kioo. Mimi nilipewa unga wa kuchanganya lita nne, nusu jioni, nusu alfajiri, saa tano hivi kabla ya muda wangu. Hiyo nusu ya alfajiri ndiyo watu wanairuka kwa kuchoka, na ndiyo inayosafisha upande wa kulia wa utumbo. Unajua uko tayari pale kinachotoka kinapofanana na mkojo. Kikiwa bado na matope, sema mapokezi, usinyamaze, maana polipu bapa inajificha chini ya uchafu huo na wewe utarudi nyumbani na karatasi inayosema "safi".

Nilipewa sindano ya usingizi mwepesi, nikalala ubavu wa kushoto, nikaamka kumekwisha. Walikuta polipu ya milimita 14 juu ya puru, wakaikata kwa kitanzi cha waya. Bawasiri pia ilikuwepo, kama nilivyosema. Kutoboka utumbo ni hatari ya kweli lakini ni nadra, chini ya mtu mmoja kati ya 1,000 kwenye kamera ya kawaida, inaongezeka kidogo wakikata kitu kikubwa. Damu inaweza kutoka hata wiki mbili baada ya kukatwa, kwa hiyo usipange safari ya kijijini siku inayofuata. Majibu ya maabara yalisema adenoma, haijawa kansa. Kwa ukubwa ule nikaambiwa nirudi baada ya miaka 3. Ingekuwa moja ndogo chini ya milimita 10, kwa mtu asiye na historia ya ukoo ingekuwa miaka 7 hadi 10.

Ukienda hospitali ya rufaa, hakikisha wanafanya utumbo mpana wote. Kuna kamera fupi inayoishia upande wa kushoto. Ni rahisi kidogo, lakini kwa mwenye kipimo chanya inaacha nusu ya nyumba bila kukaguliwa. Kwenye ripoti tafuta mambo mawili: kwamba walifika sikamu, mwanzo kabisa wa utumbo mpana penye tundu la kidole tumbo (waombe picha yake), na kwamba usafi ulikuwa wa kuridhisha. Kimoja kikikosekana, unarudia mapema, husubiri miaka.

Ukitoka safi, ratiba yako inabaki ya miaka 5 kwa ajili ya mzee, na hapo katikati huna haja ya kupima choo tena. Ila omba wakuangalie wingi wa damu. Ukiwa chini na utumbo mpana hauna kitu, watapitisha kamera ya juu, ya tumbo, na minyoo na kichocho ndipo vinaporudi mezani kwa uzito wake. Wadogo zako nao wana baba yule yule, kwa hiyo yeyote aliyefika 40 aende kamera moja kwa moja.