Kidahalo kimeachwaje bila kukatazwa?

"Mbona Wadahalo huku bara ya Lamu wamekiacha Kidahalo, na hakuna aliyewakataza kukisema?"

Ndugu yangu, kuna dharau. Wadahalo walikuwa wawindaji na warina asali, na majirani wakawaita Wasanye, jina la kuwadunisha. Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, msituni kulibaki kazi chache. Soko, ndoa na msikiti vilitaka Kiswahili. Basi mama akampa mwanawe lugha isiyochekwa. Mama huyo simlaumu hata kidogo.

Kaka aliyesema hapa kuwa shule ndiyo iliyowaachisha Kidahalo ana nusu ya ukweli: mtoto huwa ameshajibu kwa Kiswahili nyumbani kabla hajaona darasa. Ukitaka kujua lugha imefika wapi, usihesabu wazee wanaoisema. Msikilize bibi akimtuma mjukuu maji. Akielewa, akaenda, lakini akajibu kwa Kiswahili, mnyororo umekatika hapo. Nimeliona hilo kwa jirani yangu Mokowe, na bibi mwenyewe alikuwa ameshazoea.

Dada wa Langoni uliyelalamika kuhusu Kiamu, Kiswahili cha Lamu, wanao kusema "njia" badala ya "ndia" ni jambo jingine, ingawa najua linauma. Kiamu kinamezwa na ndugu yake, Kiswahili sanifu, lakini mjukuu bado anaelewana na bibi. Kidahalo ni lugha ya Kikushi, jamii moja na Kisomali, si ndugu wa Kiswahili, tena kina vidoko, sauti za kualisha ulimi kwenye meno, adimu mno Afrika Mashariki.

Kama wazazi wa leo wangekirudia, sijui. Wengi wao wanakielewa tu.