Maswali na majibu: Sola au dizeli? Andiko la mradi kabla bodi haijapitisha

Mimi ni katibu wa chombo cha watumia maji mkoani Singida. Pampu yetu inaendeshwa na jenereta, lita 10 za dizeli kwa siku. Fundi ametuletea proforma ya sola, milioni 48. Bodi inataka andiko kabla ya kupitisha. Nianze na nini?

Proforma iweke pembeni kwanza, Ndugu Katibu. Ukianza nayo, andiko zima litakuwa la kuitetea.

Anza na tatizo, na uliandike kwa hesabu. Kwa takwimu ulizoambatanisha, dizeli ni shilingi 3,000 kwa lita, kwa hiyo lita 10 kila siku ni 10,950,000 kwa mwaka. Oili, filta na matengenezo madogo ni kama 1,050,000. Jumla milioni 12. Lakini chini kabisa ya barua yako kuna sentensi umeipitisha haraka: robo ya maji mnayosukuma hayafiki kwenye vituo vya kuchotea, yanavuja kwenye bomba kuukuu. Kwangu hiyo ndiyo sentensi nzito kuliko proforma. Mnachoma mafuta ili kumwagilia ardhi, na mkifunga sola bila kugusa bomba mtanunua paneli za kumwagilia ardhi hiyo hiyo.

Kwa hiyo njia za kulinganisha ziwe nne. Ya kwanza, kuendelea kama mlivyo. Ya pili, sola kamili kama fundi alivyopendekeza. Ya tatu, kubadilisha bomba linalovuja kwa milioni 7 na kubaki na dizeli. Ya nne, kubadilisha bomba, kisha kufunga sola ndogo zaidi, na kuiacha jenereta ya zamani iwe akiba ya siku za mawingu. Umeme wa gridi utaje kwa sentensi moja tu, kwamba nguzo ziko mbali mno, ili mjumbe asiinue mkono kuuliza mbona umeusahau.

Hiyo njia ya "kuendelea kama tulivyo" kwa nini tuiandike na tunajua hatuitaki? – Morogoro

Kwa sababu ndiyo kipimo cha nyingine zote, na kwa sababu si ya bure, ingawa watu wengi huiandikia sifuri kwenye safu ya gharama. Jenereta ya Singida itahitaji ovahoo kama mwaka wa nne, na wenyewe wamekadiria milioni 6. Hiyo lazima iingie.

Kuna mtego wa upande wa pili pia. Hali mbaya ya sasa hufanya karibu kila kitu kionekane kizuri, kwa hiyo mwandishi akiweka njia mbili tu, hali ya sasa na kile anachokipenda, ameshaamua kwa niaba ya bodi. Njia ya tatu, ile ya kufanya kidogo, ndiyo inayobana hoja. Mtaona chini ilivyombana Katibu wetu.

Tumeshalipa milioni 9 za upimaji na michoro. Tuziingize kwenye gharama za mradi? – Mwanza

Kwenye ulinganisho, hapana. Fedha hiyo imeondoka, na hairudi mkichagua njia yoyote. Itaje kwenye maelezo ya historia ya mradi ili mkaguzi aione, basi.

Kanuni hiyo hiyo inaondoa vitu vingine. Posho ya mwendesha pampu wa Singida ni ile ile katika njia zote nne, kwa hiyo haibadilishi mpangilio wao. Ila kwenye bajeti ya mwaka itahitajika, na hiyo ni karatasi nyingine.

Mfadhili anataka "thamani ya sasa halisi". Mimi si mhasibu. Inafanywaje? – Kilifi

Shilingi ya mwaka wa kumi ina uzito mdogo kuliko ya leo, kwa hiyo unaipunguza. Kwa kiwango cha asilimia 12, milioni 12 za mwisho wa mwaka wa kwanza unazigawa kwa 1.12 na kupata kama milioni 10.7. Za mwaka wa kumi unazigawa kwa 1.12 mara kumi mfululizo, na zinabaki kama milioni 3.9. Kisha unajumlisha miaka yote.

Excel inakufanyia, ila kuna kosa ambalo nimelikuta kwenye majedwali mengi mno. Fomula ya NPV, yaani ya hiyo thamani ya sasa halisi, huchukulia kwamba namba ya kwanza ndani ya mabano iko mwisho wa mwaka wa kwanza. Gharama ya kuanzia inalipwa leo, kwa hiyo hukaa nje ya mabano. Kama iko B2, na miaka kumi iko B3 hadi B12:

```
=B2+NPV(12%,B3:B12)
```

Jambo jingine: ukitumia bei za leo kwa miaka yote, usipandishe dizeli peke yake kila mwaka "kwa sababu ya mfumuko". Sola itashinda, lakini itakuwa imebebwa.

Haya ndiyo matokeo ya Singida kwa miaka kumi. Gharama ya kila mwaka ya njia ya tatu ni milioni 9, kwa kuwa ile robo inayovuja haisukumwi tena. Ya sola kamili ni milioni 1. Ya nne ni milioni 1.675, kwa kuwa jenereta itawashwa kama siku 30 kwa mwaka. Njia mbili za sola zina kidhibiti cha pampu cha kubadilishwa mwaka wa saba kwa milioni 5, na mbili za dizeli zina ile ovahoo.

| Njia | Kuanzia (milioni) | Thamani ya sasa ya gharama zote (milioni) |
|---|---|---|
| 1. Kama tulivyo | 0 | 71.6 |
| 2. Sola kamili | 48 | 55.9 |
| 3. Bomba, dizeli ibaki | 7 | 61.7 |
| 4. Bomba, sola ndogo, jenereta akiba | 44 | 55.7 |

Tofauti ya njia ya pili na ya nne ni laki mbili katika miaka kumi. Asikudanganye mtu kwamba hiyo ni tofauti. Makadirio yenyewe yana makosa makubwa kuliko hapo. Hizo mbili zimetoka sare, na kinachoamua ni mambo mengine: ya nne inahitaji milioni 4 pungufu za kuanzia, na wiki ya mawingu mfululizo wakati wa mvua haiachi kijiji bila maji.

Kwenye faida nimeandika wanawake wataokoa saa mbili kwa siku. Mjumbe mmoja amecheka. Nimekosea wapi? – Dodoma

Huenda hujakosea, lakini jiulize mradi unabadilisha nini hasa. Kama vituo vya kuchotea ni vile vile, mahali pale pale, na maji ni yale yale, anayetembea kilomita mbili ataendelea kutembea kilomita mbili hata pampu ikiendeshwa na jua. Saa zitaokolewa tu kama kuna kituo kipya karibu naye, au kama foleni inapungua kwa sababu maji yanatoka saa nyingi zaidi. Andika lipi kati ya hayo, kwenye kituo kipi.

Faida ya fedha nayo iulizwe inaangukia mfuko wa nani. Singida wakiacha kununua dizeli halafu mkutano wa kijiji ukashusha bei ya ndoo, wanakijiji wamefaidika, lakini akaunti ya chombo haina kitu, na mwaka wa saba kidhibiti kitakapoungua hakuna milioni 5. Kwa hiyo kwenye andiko lao faida inaandikwa pamoja na sharti lake: bei ya ndoo haiguswi mpaka akiba ya kidhibiti iwe imejaa, na mtunza hazina anasoma salio la akiba hiyo kila robo mwaka. Faida za njia zote nne zikiwa sawa, kama maji yale yale kwa watu wale wale, usizipe thamani ya kubuni. Linganisha gharama na uende mbele.

Sehemu ya hatari mimi huandika: wizi, mvua, kuchelewa, bei kupanda. Inatosha? – Nakuru

Haitoshi. Hizo ni vichwa vya habari. Hatari iliyoandikwa vizuri ina chanzo, athari, hatua na mtu. Kwa mfano: "Kituo cha pampu kiko mbali na makazi, paneli zinaweza kuibwa usiku, tukakosa maji ya kutosha kwa wiki kadhaa. Uzio na bolti zisizofunguka kwa spana ya kawaida vimo ndani ya gharama. Msimamizi ni mwenyekiti wa kamati ya ulinzi." Angalia hapo kwamba hatua imelipiwa. Hatua isiyo na fedha kwenye jedwali la gharama haipo.

Hatari ya bei iandikwe kwa namna nyingine: bei ifike wapi ndipo uamuzi ugeuke? Ukiilinganisha njia ya nne na hali ya sasa, dizeli ingebidi ishuke mpaka karibu 2,200 kwa lita, na mtu anaweza kulala usingizi. Ilinganishe sasa na njia ya tatu: dizeli ikishuka chini ya 2,580 hivi, au gharama ya sola ndogo ikipanda kutoka milioni 37 hadi kama 43, njia ya tatu inakuwa nafuu. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 16 tu. Gharama za miradi hupanda zaidi ya hapo mara nyingi, ndiyo maana mwongozo wa Wizara ya Fedha ya Uingereza hutaka makadirio ya awali yaongezwe kiasi cha kufidia matumaini ya waandishi. Namba hizo mbili, 2,580 na 43, ziwe ukurasa wa kwanza.

Mkurugenzi ameshachagua mkandarasi. Andiko naambiwa ni la kukamilisha faili. Nifanyeje? – Jina limehifadhiwa

Ulinganisho uandike kwa ukweli, weka tarehe na vyanzo vya bei, na sehemu ya mapendekezo mwachie yeye atie sahihi yake. Usikubali kutunga njia mbovu za kusindikiza ile moja. Mkaguzi huzitambua upesi: zina aya mbili mbili, bei zake zimekaa kwenye namba za duara, na hakuna aliyeombwa proforma yake.

Ni mimi tena, Katibu wa Singida. Bodi ilipitisha njia ya nne, lakini zabuni zimefunguliwa na bei ya chini ya sola ni milioni 45. Tuendelee kwa kuwa imeshapitishwa?

Hapana. Mlipitisha njia ya nne ikiwa na sola ya milioni 37. Kwa sola ya 45, thamani ya sasa ya gharama zake zote inafika milioni 63.7, na njia ya tatu iko 61.7. Rudi kwenye bodi na ukurasa mmoja wenye namba hizo.

Lakini usiombe kusimamisha kila kitu. Bomba la milioni 7 limo katika njia ya tatu na ya nne, kwa hiyo ni sahihi kwa vyovyote. Omba idhini ya bomba peke yake sasa, pamoja na mita kubwa moja pale maji yanapotoka tangini. Baada ya miezi michache mtajua kwa kusoma, si kwa kukisia, kijiji kinatumia lita ngapi kwa siku. Mkitangaza zabuni ya sola tena, mkandarasi atapimia paneli zake namba hiyo, na huenda akazipunguza.