Andika barua kabla mita haijafika namba waliyoikosea

Ankara ya maji ikija mara nne ya kawaida yako, usianze kubishania bei. Ishike mkononi, nenda kwenye mita, ulinganishe namba. Tarakimu nyeusi ndizo uniti, na uniti moja ni lita 1,000. Nyekundu ni vipande vya uniti, ziache.

Ankara yangu ilionyesha usomaji uliopita 412 na wa sasa 472, yaani uniti 60, wakati nyumbani tunatumia kama 15. Nilipofunua mita ilisoma 429. Hapo kesi ilikuwa imekwisha, maana mita iliyofungwa sawasawa haihesabu kurudi nyuma: haiwezi kuwa 472 wiki iliyopita na 429 leo. Inaelekea msomaji aliona 427 akaandika 472. Tarakimu mbili jirani zikipishana hivyo, tofauti hugawanyika kwa 9 daima. Hapa ni 45.

Ila ushahidi huo unaisha muda wake. Kwa matumizi yetu mita ingefika 472 baada ya miezi mitatu hivi, lakini nyumba yenye wapangaji wengi hufika kwa wiki chache, na ikishapita utabaki na maneno matupu. Kwa hiyo piga picha siku hiyohiyo, namba ya mita na usomaji vionekane pamoja, kisha andika. Mwili wa barua yangu ulikuwa hivi:

"YAH: KUREKEBISHA USOMAJI WA MITA KWENYE ANKARA

Ankara ya mwezi uliopita imeandika usomaji wa sasa 472. Leo mita inasoma 429, kama picha niliyoambatanisha inavyoonyesha. Naamini usomaji sahihi ulikuwa 427, sawa na uniti 15. Naomba fundi aje kuhakiki, usomaji urekebishwe kwenye kumbukumbu zenu, na nipewe ankara mpya. Nipo tayari kulipia uniti 15 wakati nasubiri."

Juu yake weka tarehe, namba ya akaunti, namba ya mita na simu. Peleka nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa urudi nayo. Kwa Tanzania, mtoa huduma asiposhughulikia lalamiko lako, nakala hiyo ndiyo utakayoanzia nayo EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za maji, kwa sababu wao hutaka uwe umelalamika kwake kwanza.

Angalia maneno "usomaji urekebishwe". Ukiomba kupunguziwa tu, wanaweza kukata pesa na kuiacha 472 kwenye kumbukumbu. Mwezi unaofuata msomaji atakuta 443, mfumo utaikataa kwa kuwa iko chini, na utaletewa ankara ya makadirio.

Na kama mita yenyewe inasoma 472 au zaidi, barua hii si yako. Funga mabomba yote utazame kile kigurudumu kidogo kwenye uso wa mita. Kikiendelea kuzunguka, maji yanavuja ndani kwako. Tafuta fundi bomba.