Kona ya mwisho Monza: unapoteza wapi muda, na grafu inakuonyeshaje

*"Wakuu, nacheza Assetto Corsa Competizione, Monza, gari la GT3. Nimefungua telemetria kwenye MoTeC naona mistari tu. Kona ya mwisho nachelewa kukanyaga breki kuliko wenzangu wote na naingia kwa kasi, lakini muda wa raundi haushuki. Nitajuaje napoteza wapi?"*

Mkuu, kona hiyohiyo ilinishika karibu mwezi mzima. Usukani wangu nimeufunga kwenye meza ya mbao chumbani, Nyegezi, na kila jioni nikirudi kazini nilikuwa naendesha raundi kumi kumi nikiamini tatizo ni breki: nikichelewa zaidi kidogo, muda utashuka. Haukushuka. Siku nilipoacha kuendesha nikakaa na grafu kwa saa mbili ndipo nilipoliona.

Kwanza hakikisha data ipo. Kwenye setapu ya gari, ukurasa wa umeme, kuna kipengele cha idadi ya raundi za telemetria. Kikiwa sifuri hakuna kinachohifadhiwa. Weka hata 10, na ukimaliza mafaili yatakuwa hapa:

```
Documents\Assetto Corsa Competizione\MoTeC
```

Fungua faili kwenye i2 Pro, programu ya MoTeC ya kusomea grafu, chagua raundi mbili za kikao kimoja: ile yako bora, na moja ya kawaida ambayo hukukosea sana. Usianze na faili la mtu mwenye kasi kukuzidi sekunde mbili, maana kila mstari utatofautiana na hutajua ushike upi. Halafu hakikisha mhimili wa chini ni umbali, si muda. Ukiacha muda, raundi ya polepole inasogea kulia kidogo kidogo, na ukifika kona ya mwisho utakuwa unalinganisha breki ya raundi moja na mafuta ya nyingine.

Kwa swali lako nahitaji mistari mitano tu: SPEED ya kasi, BRAKE ya breki, THROTTLE ya mafuta, STEERANGLE ya pembe ya usukani, na ule wa Variance unaoonyesha tofauti ya muda kati ya raundi mbili. Mingine ifiche kwanza.

Huo wa Variance ndio wa kuanza nao, na wengi tunausoma vibaya. Tunaangalia uko juu kiasi gani. Lakini urefu wake ni deni lililokwisha kujumlishwa tangu mwanzo wa raundi. Kinachokwambia unapoteza muda *sasa hivi* ni mteremko wake. Ukiwa juu lakini umelala, mahali hapo hupotezi kitu, unabeba deni la zamani tu. Ukipanda, hapo ndipo muda unavuja. (Kwangu kupanda ni kupoteza. Kwako inaweza kuwa kinyume, inategemea raundi ipi umeiweka ya kwanza, kwa hiyo jaribu kwenye kona unayojua kwa hakika uliteleza.)

Sasa tuje Parabolica, ndiyo hiyo kona ya mwisho, ambayo tangu 2021 jina lake rasmi ni Alboreto. Ni kona ndefu ya kulia, inaanza kwa kubana halafu inafunguka polepole hadi inakutoa kwenye mnyoosho mrefu kuliko yote pale. Nilipoweka raundi yangu ya kuchelewa breki juu ya raundi yangu bora, mstari wa Variance ulifanya hivi: kwenye breki ulishuka, nikapata karibu 0.07 ya sekunde. Kufika katikati ya kona ukarudi sifuri. Nilipofikisha mafuta mwisho nilikuwa nimepoteza 0.05. Halafu kwenye mnyoosho, mguu ukiwa chini kabisa na usukani umenyooka, ukaendelea kupanda hadi 0.16 kwenye mstari wa kumalizia.

Hapo kwenye mnyoosho hakuna kosa ninaloweza kufanya, mafuta yako asilimia 100 kwenye raundi zote mbili. Kwa hiyo mstari ukipanda sehemu kama hiyo, chanzo kiko nyuma. Weka kishale pale THROTTLE inapofika mwisho usome SPEED za raundi zote mbili. Mimi nilikuta tofauti ya 4 km/h. Inaonekana ndogo, lakini unaibeba mnyoosho mzima. Tofauti inapungua taratibu kwa sababu gari la polepole linaongeza kasi haraka kidogo kuliko lingine, ila haiishi kabla ya breki inayofuata. Sisi wa Mwanza tunaliona hili kila siku kwenye vilima vyetu: Hiace ikipoteza mwendo chini ya mlima, dereva hailipi hasara palepale chini, anailipa hadi juu.

Na kuna kitu kimoja cha Monza ambacho kilinificha ukweli muda mrefu. Mstari wa kumalizia uko katikati ya ule mnyoosho. Ukishauvuka, raundi mpya inaanza na Variance inarudi sifuri. Ile 4 km/h bado ilikuwa imebaki kama 2 hivi, ikanilia 0.06 nyingine kabla ya breki ya chikeni ya kwanza, zile kona za kupinda ghafla mwishoni mwa mnyoosho, lakini hiyo imeandikwa kwenye raundi iliyofuata. Nilikuwa naiona mwanzoni mwa raundi nadhani ni breki ya kona ya kwanza. Kwa hiyo hasara yote ya Parabolica ilikuwa karibu 0.22, na raundi yenyewe ilionyesha 0.16 tu. Ukitaka kuiona nzima, fungua na mwanzo wa raundi inayofuata usome SPEED hapo kabla hujagusa breki.

Hebu tupime na upande wa faida, ili ujue kwa nini kuchelewa breki kunadanganya. Nilikuwa nachelewa mita 8. Ukiingia na 258 km/h unasafiri karibu mita 71.7 kwa sekunde, na katikati ya kona kwenye 155 km/h ni kama mita 43. Ukisogeza breki yako yote mita 8 mbele, zile mita 8 unazipita kwa kasi ya juu badala ya kasi ya chini:

```
8/43 - 8/71.7 = 0.186 - 0.112 = 0.074
```

Hiyo ndiyo 0.07 niliyoiona kwenye grafu, na hiyo ndiyo faida kubwa kabisa unayoweza kuipata kwa mita hizo, ikiwa kila kitu kingine hakitabadilika. Tatizo ni kwamba kinabadilika.

Angalia BRAKE. Kwenye raundi yangu bora, mstari unapanda haraka, kisha unashuka kama mteremko wa paa, taratibu, hadi karibu na pale kasi inapofika chini kabisa. Kwenye raundi ya kuchelewa ulibaki juu muda mrefu kisha ukaanguka wima kama ukuta. Nilishikilia breki nzito hadi ndani ya kona kwa sababu kasi ilikuwa bado kubwa, halafu nikaiachia yote kwa mara moja. Ukiachia hivyo, uzito unaondoka kwenye tairi za mbele wakati uleule unapozitaka zikate kona.

STEERANGLE inathibitisha. Raundi ya kuchelewa usukani ulizidi kama digrii 20, lakini nilipofungua G_LAT, yaani nguvu ya pembeni, haikuongezeka hata kidogo. Usukani unaongezeka, nguvu ya pembeni imelala: tairi za mbele zimekwisha, gari linasukuma kwenda nje. Ukiliona hilo kwenye grafu yako huna haja ya kubishana na mtu kuhusu setapu kwanza.

Kisha THROTTLE. Nilifungua mafuta hadi kama asilimia 30, nikarudisha, nikafungua tena, na mwisho nikafikisha 100 mita 40 baadaye kuliko raundi bora. Ule mchongoko mdogo, panda-shuka-panda, ndio alama ninayoitafuta sasa kwenye kila kona. Maana yake dereva aliomba mafuta kabla gari halijageuka, likamkatalia. Na kwenye SPEED kasi ya chini ilikuwa 152 badala ya 156, tena ilifika mbele zaidi ndani ya kona.

Nilichobadilisha ni kimoja: breki nikairudisha mita 8 nyuma, na lengo likawa mafuta yafunguke mara moja yasirudi. Sikujipa lengo la kasi ya kuingia. Raundi kama kumi na tano za mwanzo zilikuwa mbaya, mguu wa kushoto unataka kuachia kwa ghafla kama ulivyozoea. Baadaye mteremko wa breki ukaanza kuonekana, mchongoko wa mafuta ukapotea, na kasi ya kutoka ikawa ileile ya raundi bora kwa raundi nne mfululizo.

Tahadhari mbili kabla hujahukumu grafu yako. Umbali kwenye programu kwa kawaida hujumlishwa kutoka kwenye kasi, na njia uliyopita ikiwa pana zaidi, kona za mwisho zinasogea mita kadhaa. Mita 5 za tofauti mwishoni mwa raundi ya mita 5,793 zinaweza zisiwe za kweli. Mimi hupima kwanza kwenye chikeni ya Ascari iliyo kabla yake: kama mabonde ya SPEED ya raundi zote mbili yamekaa sehemu moja, naamini. Kama yamepishana, narudi kwenye marudio ya video naangalia nilikanyaga breki kwenye kibao kipi. Ya pili ni gari la mbele. Ukiwa umefuata mtu kwenye mnyoosho, upepo wake unakuongezea kasi, na SPEED yako itaonekana nzuri kuliko ulivyotoka kwenye kona. Chagua raundi ulizokuwa peke yako, zenye mafuta yanayokaribiana kwenye tangi.

Na usichukue hili ukalipeleka kila kona. Kati ya kona ya Lesmo ya kwanza na ya pili mnyoosho ni mfupi, kwa hiyo 3 km/h uliyopoteza kutoka ya kwanza haina muda wa kukudai sana, na kuingia kwa ujasiri pale kunaweza kulipa. Ya pili ndiyo inayokupeleka kwenye mnyoosho wa kwenda Ascari, hapo hesabu inarudi kama ya Parabolica.

Weka hapa picha ya grafu yako, mistari mitano hiyo tu, kuanzia mita 200 kabla ya breki ya Parabolica, na kipande cha mwanzo wa raundi inayofuata hadi breki ya kwanza. Niko mtandaoni usiku baada ya saa tatu.