Usirudishe kwa fomula namba zilizogeuka tarehe kabla hujajua zilichapwa kwenye mashine gani

*"Nimeanza kuweka bidhaa za duka kwenye Excel. Nikiandika namba kama 1-2 au 3-4 zinageuka tarehe. Nimeambiwa nizime AutoCorrect, halafu zilizoharibika nizirudishe kwa fomula, ziko kama mistari 600. Ni sawa?"*

Usiguse hiyo fomula! Toa mikono kwenye kibodi kwanza unisikize, maana huko unakoelekea mimi nimeshatoka, tena kwa kulipa.

Mwaka 2024 nilikuwa karani kwenye duka la spea Barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Rafu nane, kila rafu droo ishirini. 3-4 ni rafu ya tatu, droo ya nne. Orodha niliichapa nyumbani usiku, kwa laptopu niliyookota kwa bei nzuri Luthuli, macho kwenye daftari na si kwenye skrini. (Najua. Usiniseme, mke wangu alishamaliza.) Asubuhi mzee anafungua kwenye kompyuta ya duka, anakuta 04-Mar, 06-May, mpaka chini. Akaniuliza kama hizi filta zina siku ya kuzaliwa.

Nikakimbilia jamaa mmoja wa saiba anayejiita fundi. Akazima AutoCorrect, akachukua mia mbili yake. Haikusaidia kitu, kwa sababu AutoCorrect hurekebisha maneno tu. Excel inaposoma 3-4 kwenye seli ya kawaida huiona ni siku na mwezi, inahifadhi namba ya siku, na ulichochapa kinapotea. Ndiyo maana ukigeuza seli kuwa Text baadaye unapata namba kama 45355, yaani siku zilizohesabiwa tangu mwanzo wa 1900.

Nikarudi kwake. Safari hii akanipa hii, kama dawa ya mganga:

```
=DAY(A2)&"-"&MONTH(A2)
```

Ikatoa namba safi, nikafurahi, nikazibandika kwa Paste Values, nikafuta safu ya zamani. Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi.

Laptopu yangu ilikuwa bado na mpangilio wa Marekani, ambao hutanguliza mwezi. Kwake, 3-4 ni tarehe nne Machi. Fomula ya yule bwana hutanguliza siku, kwa hiyo 3-4 yangu ikarudi ikiwa 4-3. Na 4-3 ipo! Ni droo halali yenye bidhaa yake, kwa hiyo hakuna kosa lililojitokeza. Kijana wa stoo huchukua kwa namba, hasomi boksi. Filta za petroli zikapanda matatu kwenda kwa fundi wa Nakuru aliyeagiza za dizeli, na pedi za breki zikaenda kwa mtu aliyetaka plagi. Wiki mbili. Mizigo ya kurudisha na wateja wawili waliohama vilikatwa kwenye mshahara wangu, na yule mtaalamu wa saiba hata pole hakunipa.

Dalili ilikuwepo, lakini sikuitazama. Orodha ilikuwa na 14-3 na 17-5, na duka halina rafu ya 14. Kwa rafu 1 hadi 8 hilo lilitosha kuniambia namba zimepinduka. Dawa ilikuwa kugeuza tu:

```
=MONTH(A2)&"-"&DAY(A2)
```

Kwa hiyo kwenye mashine uliyochapia, andika 1-2 kwenye seli tupu. Ikitoa Feb, siku hutangulia, tumia fomula ya kwanza. Ikitoa Jan, tumia ya pili. Kama mlichapa watu wawili kwenye mashine zenye mipangilio tofauti, hakuna fomula itakayowatenganisha, rudi kwenye daftari. Na kama una 1-2 na 01-02 kama bidhaa mbili tofauti, zote zimeshakuwa siku moja. Pole.

Kanuni yangu ni moja, na ningeichora mlangoni kama ningeruhusiwa: Text kabla ya kuchapa. Bofya herufi ya safu juu ili safu yote ichaguliwe, bonyeza Ctrl+1, chagua Text, OK, ndipo uanze. Kama ni seli moja mbili, tanguliza alama ya ' halafu 1-2, alama hiyo haitachapishwa. Ukimaliza, weka hii pembeni:

```
=COUNT(A2:A700)
```

Namba za bidhaa zikiwa maandishi matupu, itatoa 0. Ikitoa 5, kuna tano zilizogeuka. Hata kwa jicho utaziona: tarehe hujisukuma kulia mwa seli, maandishi hukaa kushoto.

Faili la CSV kutoka kwa msambazaji usilifungue kwa kubofya mara mbili, maana CSV haibebi mpangilio wa Text na Excel itaigeuza upya. Pitia Data, From Text/CSV, na uchague isitambue aina za data.

Sasa nenda kaandike 1-2 kwenye seli tupu, urudi utuambie imetoka Jan au Feb.