Bomba lililobanwa huku na huku

Ukiambiwa bomba la mvuke ni fupi, kwa hiyo halihitaji nafasi ya kutanuka, usikubali kabla hujapiga hesabu. Mimi nilikubali, kwenye kiwanda kimoja cha chai. Kipande cha bomba la inchi 4, urefu wa mita 6, kilichomelewa kwenye nguzo mbili za chuma. Kilifungwa kikiwa na nyuzi 25 za Selsiasi, na mvuke wa baa 8 ukakipandisha hadi 175. Kwa ongezeko hilo la nyuzi 150, chuma cha kawaida cha mita 6 hutaka kurefuka milimita 11 hivi. Ni kidogo, lakini hazikuwa na pa kwenda, zikageuka mkazo σ: ugumu wa chuma E, mara kiwango chake cha kutanuka α, mara ongezeko la joto ΔT.

```
σ = E × α × ΔT
  = 200000 × 0.000012 × 150 = 360 MPa
```

Tazama vizuri: urefu haumo. Liwe la mita 6 au 60, mkazo ni uleule. Chuma cha bomba la A106 daraja B hukubali kubonyea bila kurudi hali yake kwenye MPa 240 hivi, na bomba letu likifika hapo husukuma nguzo kwa nguvu ya karibu tani 50.

Dalili ilitupoteza. Flenji ilivuja boila ikizimwa, ikiwaka ikatulia, nasi tukabadilisha gasketi mara mbili. Kumbe bomba lilikuwa limebonyea likiwa la moto, kwa hiyo lilipopoa likawa fupi kuliko nafasi yake, likavuta flenji. Uvujaji wa baridi ukiuona, kagua vishikio kwanza. Sisi tulikata mshono wa nguzo moja, tukaweka kiatu cha kuteleza.

Njia kuu ya mita 40 ilikuwa imebanwa pande zote mbili kwa lazima, nayo hutaka kurefuka milimita 72. Huko tuliweka lupu katikati, yaani bomba linatoka pembeni, linakwenda sambamba kidogo, kisha linarudi. Miguu yake miwili hupinda, kila mmoja ukimeza milimita 36. Kwa makadirio ya kwanza, nikiruhusu mkazo wa MPa 140, urefu wa mguu L hutokana na kipenyo cha bomba D na mwendo δ ambao mguu humeza:

```
L = √(3 × E × D × δ / σ)
  = √(3 × 200000 × 114.3 × 36 / 140) ≈ 4200 mm
```

Mguu wa mita 4.2 huonekana mrefu mno, na fundi atakuomba aupunguze. Ukiukata nusu, mkazo unapanda mara nne, kwa sababu urefu umo kwa kipeo cha pili.

Ilaze lupu mlalo. Ukiisimamisha juu, maji ya mvuke uliopoa hukusanyika chini ya mguu wa kwanza, na lazima uyatoe hapo, la sivyo mvuke utayarusha yakagonga elbo kama nyundo. Miguu yenyewe usiifunge kwa yu-bolti. Ikae juu ya vishikio vinavyoiacha iteleze. Kabla ya kuwasha, piga mstari wa chaki kwenye bomba na kishikio chake, mbele kidogo ya lupu. Bomba likishapata moto, mistari iwe imeachana kwa milimita 30 na zaidi. Kama bado imekutana, kuna kitu kimelishika.