Usimwandike karani, iandike foleni

Mara ya kwanza nilipoandika malalamiko kuhusu ofisi ya serikali, nilimwandika dada wa dirishani. Niliandika kuwa ananyanyuka kila mara, anaacha watu, anarudi bila hata kutuangalia. Karatasi nikaitumbukiza kwenye sanduku la maoni nikaondoka nikiwa nimeridhika. Wiki mbili baadaye nilirudi na shida nyingine. Dada hakuwepo, alikuwepo kaka mwingine, na yeye ananyanyuka vilevile. Siku hiyo benchi langu lilikuwa upande unaoonesha korido, nikamfuata kwa macho. Alikuwa anakwenda masjala kutafuta faili, kisha anaingia chumba cha ndani kuomba saini ya bosi, maana anayesaini ni mmoja tu. Nikaona aibu. Yule dada nilikuwa nimemwandikia kosa la korido.

Ofisi siitaji. Nadhani ukikaa kwenye mabenchi ya ofisi nyingi za wilaya hapa Tanzania utayaona haya haya. Ninachotaka kueleza ni namna nilivyoandika mara ya pili, kwa sababu safari hiyo nilipigiwa simu.

Siku hiyo nilifuatilia hati ya mtoto wa dada yangu. Saa 2:00 kamili nilihesabu watu waliokuwa mbele yangu, wakawa 34. Madirisha yaliyokuwa yanafanya kazi yalikuwa 2. Nikatoa daftari na kila aliyetoka dirishani nikampigia mstari. Ilipofika saa 3:00 walikuwa wamehudumiwa 14, nikabaki na 20 mbele. Ukigawanya 20 kwa 14 unapata saa moja na dakika 26 hivi, kwa hiyo nilitegemea kufika dirishani saa 4:26. Nilifika saa 4:40, kwa kuwa mtandao ulikatika kidogo katikati. (Hesabu hii ina jina kwa wataalamu wa foleni, kanuni ya Little, kutokana na John Little aliyeithibitisha mwaka 1961. Ila mama yeyote aliyewahi kupanga ndoo bombani anaijua bila jina.)

Kuhesabu watu peke yake hakutoshi. Kilichonisaidia ni kuandika mbele ya kila mstari yule mtu alikwenda kufanya nini, na hilo hujulikana bila kumuuliza: wengine wanatoka wamekunja uso wakiulizia mahali pa kutoa nakala, wengine wanatoka na risiti. Kati ya wale 14, watano waliwasilisha maombi mapya yakapokelewa, kila mmoja akikaa kama dakika 14. Watano wengine walirudishwa: huyu hana barua ya mtendaji, huyu ana kadi ya kliniki lakini hana nakala yake. Kila mmoja wao alikula dakika 7 hivi kabla ya kuambiwa hivyo. Wanne waliobaki walikuwa wameshalipa jana yake, wamekuja kuonesha risiti tu, dakika 3 kila mmoja.

Jumlisha uone. Madirisha 2 kwa saa moja ni dakika 120 za kazi. Dakika 35 zilikwenda kwa watu waliorudishwa. Hizo ni zaidi ya robo ya dakika zote 120, na hao watu watarudi kesho kupanga tena. Hakuna karani mvivu hapo. Wanachokosa waliorudishwa ni mtu au karatasi ya kuwaambia mlangoni, kabla hawajakaa saa mbili na nusu, kwamba nakala inahitajika.

La pili lilinipata mwenyewe. Saa 4:50 nilipewa kontroli namba. Nikatoka nje chini ya mwembe, nikalipa kwa simu, haikuchukua hata dakika 5. Niliporudi nikaambiwa nianzie nyuma. Mbele yangu watu 22. Nilifika dirishani saa 6 na nusu kasoro dakika chache, nikahudumiwa kwa dakika 2. Yaani mtu mmoja, kwa hati moja, anahesabiwa kwenye foleni mara mbili, na safari ya pili anasubiri saa moja na nusu kwa kazi ya kufumba na kufumbua. Malipo ya serikali tumeyahamishia kwenye simu, lakini benchi limebaki lile la zamani.

Kwa hiyo barua yangu ilisomeka karibu hivi:

"Nilifika Jumatatu, nikakaa kuanzia saa 2:00 hadi saa 6:30 kwa huduma ya kuomba hati. Kati ya saa 2:00 na saa 3:00 walihudumiwa watu 14 kwa madirisha 2. Watano walirudishwa kwa kukosa viambatisho, wanne walileta risiti tu. Aliyekwishalipa anapanga foleni upya kutoka mwisho. Naomba mfikirie mambo mawili: orodha ya viambatisho ibandikwe mlangoni na mtu mmoja akague karatasi za walio kwenye benchi saa ya kwanza ya asubuhi, na wenye risiti wapokelewe pembeni. Niliona siku moja tu, na Jumatatu huenda ina watu wengi kuliko siku nyingine. Wazee na wajawazito walitangulizwa, na hilo lilifanyika vizuri."

Sentensi ile ya "niliona siku moja tu" usiiache. Mkuu wa ofisi akisoma hesabu zinazojidai kujua kila kitu, atatafuta kosa moja na kuitupa barua yote. Ukisema mwenyewe mpaka wa ulichokiona, anabaki na kazi ya kuangalia siku nyingine zikoje.

Jina la karani sikuliweka, wala picha. Ukimtaja, barua inageuka kesi ya nidhamu: ataitwa, atajieleza, faili litafungwa, na korido itabaki palepale. Rushwa ni jambo jingine kabisa. Ukiombwa hela ya kurukishwa foleni, hiyo si ya sanduku la maoni, piga 113 TAKUKURU.

Soma pia Mkataba wa Huduma kwa Mteja uliobandikwa ukutani, kama upo. Wa kwetu ulitaja siku za kupata hati baada ya maombi kukamilika, lakini haukusema chochote kuhusu saa za benchini. Nililiandika hilo pia, kwa sababu ofisi inaweza kuwa inatimiza ahadi yake yote huku wewe umekaa mpaka adhuhuri. Barua niliipeleka kwa mkono dawati la malalamiko na nikagongewa muhuri kwenye nakala yangu. Ukitaka njia ya simu, kuna mfumo wa e-Mrejesho, na hesabu ni zile zile.

Aliyenipigia alikuwa afisa wa pale. Shikamoo yangu aliijibu haraka, akaniuliza maswali mawili: wale watano walikosa nini hasa, na je, niliwahesabu waliokata tamaa wakaondoka? La pili sikuwa nimelifikiria. Siku hizi nawaandikia alama yao.

Nilipita pale mwezi uliofuata. Mlangoni kuna karatasi ya viambatisho, imeandikwa kwa kalamu nene. Wenye risiti wanapokelewa na mtu aliyekaa kwenye meza ndogo karibu na mlango, ila mpaka saa 6 tu, baadaye anaitwa ndani kusaidia. Mkaguzi wa asubuhi hakuna, waliniambia hawana mtu. Na saini bado ni ya bosi mmoja, kwa hiyo makarani bado wananyanyuka.

Barua ya tatu nitaandika kuhusu hiyo korido. Nimeshaanza kuhesabu safari.